Kikao Kikisogezwa Mbele ya Saa Yake

Swali la wiki hii limeletwa na katibu wa kamati ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa karibu na Nyeri, ambaye kikao chake cha Alhamisi saa nane mchana kilikuwa na ajenda sita, yaani mambo sita ya kujadiliwa, kabla ya tatu kuahirishwa kwa sababu ripoti ya mkaguzi wa hesabu haijakamilika. Mwenyekiti ameagiza kikao kianze saa nne asubuhi, lakini kati ya wajumbe tisa waliopelekewa ujumbe wa simu ni wanne tu waliojibu, na katibu anauliza kama kimya cha watano waliosalia kihesabiwe kuwa ni kukubali.

Kimya hicho hakiwezi kuhesabiwa hivyo. Kikao kikicheleweshwa, mjumbe asiyepata habari hufika mapema na kungoja, lakini kikiwahishwa, mjumbe huyo huyo hufika maamuzi yakiwa yamekwisha kufanywa. Kwa hiyo saa ya zamani ndiyo inayopaswa kubaki mpaka wote tisa wakubali mpya. Hata akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, haitoshi hapa, kwa kuwa anayeuza mboga Karatina asubuhi, au anayengoja matatu ijae Nanyuki, angekuwa amenyimwa kiti alichoahidiwa.

Ujumbe wa katibu, uliosema tu kwamba kikao “kimesogezwa hadi saa 4, thibitisheni”, una kasoro mbili: haukueleza kama ni asubuhi au usiku, wala haukuweka mwisho wa kujibu. Ulio bora ungesomeka hivi: “Inapendekezwa kikao cha Alhamisi kianze saa nne asubuhi badala ya saa nane mchana, kwa kuwa ajenda ya pili, ya tatu na ya tano zimeahirishwa. Kila mjumbe ajibu ‘naweza’ au ‘siwezi’ kabla ya Jumanne saa kumi na mbili jioni. Iwapo hata mjumbe mmoja hatajibu, au atashindwa, saa nane inabaki.” Alama ya kidole gumba isihesabiwe kuwa jibu, maana wengine huituma kuonyesha tu kwamba wamesoma, na wasiojibu wapigiwe simu Jumanne mchana.

Ajenda zilizoondolewa zitajwe waziwazi, na zisirudishwe kupitia “mengineyo”, kile kipengele cha mwisho ambamo, katika kamati nyingi, mambo mazito hupitishwa wakati viti vimebaki vitupu.

Utaratibu huu ni wa kamati peke yake. Mkutano mkuu wa wanachama huitishwa kwa notisi ya maandishi ya angalau siku 15 chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya, na ujumbe wa simu wa siku mbili hauwezi kuuwahisha. Kwa kikao cha Alhamisi, iwapo hata mjumbe mmoja atashindwa, mwenyekiti aanze saa nane na kufunga mapema.