Ukurasa wa Asali Usijikane

Tuseme unauza asali ya nyuki wadogo Magamba, Mpanda, na mnunuzi yuko Dar es Salaam. Hawezi kuionja. Anachoona ni ukurasa wako wa Instagram tu, kwa hiyo mstari wa jina, picha, wasifu na linki vyote viseme jambo lilelile.

1. Anza na karatasi. Andika sentensi moja: "Asali ya nyuki wadogo, kutoka Magamba, Mpanda, tunauza kwa lita." Bidhaa, mahali, kipimo. Kila sehemu ya ukurasa ichote humo.

2. Mstari wa jina utaje bidhaa. Instagram huutumia mtu anapotafuta. "Asali Nyuki Wadogo Mpanda" itapatikana. "Mkurugenzi Mtendaji" ataitafuta nani?

3. Picha na maelezo yake vikubaliane. Hapa ndipo wengi huumbuka. Maelezo yanasema nyuki wadogo, picha inaonyesha sega pana lenye vyumba vya pembe sita. Hilo ni la nyuki wakubwa, wale wanaouma. Nyuki wadogo huhifadhi asali kwenye vijungu vya nta vilivyorundikana kama zabibu. Mnunuzi anayejua asali atacheka, kisha ataondoka, maana asali ya nyuki wadogo huuzwa ghali zaidi na atadhani unamchanganyia. Piga picha ya vijungu vyenyewe, halafu uandike: "Asali ya nyuki wadogo ikivunwa Magamba." Posti hiyo ibandike juu kabisa. Kama unauza aina zote mbili, sema hivyo tangu mstari wa jina.

4. Wasifu ushike kipimo kilekile. Una herufi 150 tu, nafasi na alama zikiwemo. Methali na emoji zisubiri. Angalia hasa lita na kilo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina kilo 1.4 hivi, na ya nyuki wadogo huwa nyepesi kidogo kwa sababu ina maji mengi. Wasifu ukisema "ndoo ya lita 20" na picha ikasema "ndoo ya kilo 20", umetaja ndoo mbili tofauti, na ugomvi wa bei umeshaanza.

5. Linki impeleke penye asali. Si kwenye ukurasa wa zamani ulipokuwa ukiuza vitenge. Linki ya WhatsApp huandikwa hivi, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo ya namba yako:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX
```

Ibonyeze kwa simu ya mtu mwingine. Jina na picha vitakavyotokea WhatsApp viwe vya asali hiyohiyo. Ikitokea picha yako ya harusi, mnunuzi atadhani amekosea namba.