Kutoka kwenye mkutano wa Zoom na mtu wa kumpigia kesho

Tuchukue mchakataji wa dagaa wa Mwanza aliyejiandikisha kwenye kongamano la mtandaoni kuhusu uhifadhi wa samaki. Dagaa wake huanikwa kwenye chanja, na msimu wa mvua sehemu yake huoza kabla ya kukauka. Mada za wataalamu zitamfaa, lakini anayemhitaji hasa ni mtu aliyekwisha kujenga kikausho cha jua na kukitumia. Huenda mtu huyo yumo humo humo, kakaa kimya kama yeye.

Kwanza aangalie yuko katika mkutano wa aina gani. Zoom ikiwa imewekwa kama webina, washiriki hawaonani na vyumba vidogo havipo. Kinachobaki ni chati, kama mwenyeji ameifungua, na kisanduku cha maswali. Ukiwa mkutano wa kawaida, orodha ya Participants huonyesha kila aliyeingia, na hapo ndipo penye nafasi. Aingie dakika kumi mapema, maana kwa kawaida anayechelewa haoni ujumbe ulioandikwa kwenye chati kabla hajaingia, na utambulisho mwingi huandikwa pale mwanzoni. Kisha abonyeze Rename, na baada ya jina lake aongeze "dagaa, Mwanza". Maneno hayo mawili yatamtambulisha muda wote hata kama hakufungua kinywa.

Kwenye chati wengi huandika "Habari, niko Mwanza" na hakuna anayewajibu, kwa sababu hakuna cha kujibu. Yeye aandike hivi: "Habari zenu. Nakausha dagaa kwenye chanja, mvua inaniharibia. Kuna aliyejenga kikausho cha jua cha nailoni? Nailoni yako ilidumu muda gani kabla ya kuchanika?" Swali la nailoni ndilo linalofanya kazi hapo. Aliyewahi kuona nailoni ikipasuka kwa jua hawezi kulipita bila kusema neno, na asiyejua atanyamaza, jambo ambalo nalo ni msaada. Akijibiwa, ashukuru mbele ya wote, kisha abadilishe Everyone na kuchagua jina la aliyejibu ili waendelee wawili. Namba ya simu iandikwe huko, isiandikwe mbele ya watu mia tatu asiowajua. Chati huweza kuhifadhiwa na yeyote aliyeruhusiwa. Na mwenyeji akiwa amefunga ujumbe wa faragha, amwombe aliyejibu wakutane chumba kidogo kimoja, kama wameruhusiwa kuchagua, au aombe barua pepe yake.

Vyumba vidogo vina shida yake. Watu watano wanatupwa pamoja, kamera zimezimwa, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na katika dakika kumi walizopewa tatu zinapotea kwa ukimya. Dawa ni mmoja kuanza, na awe yeye: "Shikamoo kwa wakubwa, habari kwa wote. Naomba tupeane dakika moja moja: jina, kazi, na unachotafuta hapa. Nianze mimi." Hakuna atakayemwona ana kiherehere, wengi hupumua. Kama bando ni dogo, azime video wakati wa mada kuu na aiwashe hapa tu, kwa sababu mtu humkumbuka aliyemwona uso.

Baada ya mzunguko huo zimebaki dakika chache, nazo hazitoshi kuzungumza na wanne. Achague mmoja. Akisema mama wa Kigoma kwamba anakausha migebuka ndani ya banda la nailoni, amuulize jambo moja tu la kazi: "Mama, mvuke unautoaje usirudi kudondokea samaki?" Kisha aombe namba kabla ya tangazo la kufunga chumba. Mara nyingi mwenyeji akifunga, saa huhesabu sekunde 60 kurudi nyuma, na watu huzimaliza kwa kuagana. Kinachoandikwa kwenye chati ya chumba huonekana na waliomo tu, kwa hiyo anakili namba kwenye daftari palepale, asitegemee kuikuta akisharudi ukumbi mkuu. Aandike pia namba ya chumba: mtandao ukikatika anaweza kujikuta nje, na mwenyeji atamrudisha haraka akijua alikotoka.

Kabla hajatoka mkutanoni, afungue chati, abonyeze vidoti vitatu na kuchagua Save Chat kama imeruhusiwa. Isiporuhusiwa au isipoonekana, apige picha ya skrini kwenye majibu yanayomhusu.

Ujumbe wa WhatsApp uende jioni hiyo hiyo, kabla mama wa Kigoma hajamsahau: "Shikamoo mama. Ni mimi wa dagaa wa Mwanza, tulikuwa chumba namba 4. Ulisema banda lako lina matundu ya hewa juu. Naomba unitumie picha ya hayo matundu ukipata nafasi, nami nitakutumia ya chanja zangu." Ombi ni dogo, linajibika kwa simu ya mkononi, na picha ikifika watakuwa na la kuzungumza wiki inayofuata.