Doa jeusi kwenye unyayo

Swali: Dokta, mimi ni mchimbaji mdogo, Geita. Nimekutumia picha ya doa la unyayoni. Nilidhani nilikanyaga jiwe. Lina miezi mitano; lilianza kama punje ya mahindi, sasa ni kama sarafu. Je, ni hatari?

Jibu: Picha haiwezi kuthibitisha wala kukanusha saratani, kwa sababu haionyeshi seli zilizo ndani ya doa. Kinachonitia wasiwasi ni muda. Damu iliyovilia kwa kukanyaga jiwe husogea juu kadiri ngozi inavyojibadilisha, na kwa kawaida hufifia ndani ya wiki kadhaa. Lako halijafifia, na unasema lilianza kama punje ya mahindi, sasa ni kama sarafu. Kingo zake hazilingani, na weusi umechanganyika na kahawia. Kwetu watu weusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hupenda kuanzia unyayoni au chini ya kucha.

Papasa kinenani: ukikuta mtoki mgumu, au doa likitoa damu, usisubiri hata wiki. Usilikwangue wala kulichoma kwa dawa. Hata usipoona dalili hizo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii, uombe rufaa ya Bugando, Mwanza, wakate kipande kikapimwe. Kipimo hicho ndicho kitakachotoa jibu.