Hatimiliki kwenye picha: mpaka uko wapi?

*Muuzaji wa shamba hapa Kenya amenitumia picha ya hatimiliki ya Kiingereza. Mwanangu ameitafsiri: "eneo la takriban hekta 0.81." Mbona haitaji vigingi? Je, inathibitisha shamba ni lake? — Msomaji, Nakuru*

Usihofu kukosa vigingi. Hati nyingi za mashambani ziko hivyo. Hekta 0.81 ni kama ekari mbili, na neno "takriban" lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema ramani huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa rejista ieleze kuwa umepimwa na kuwekwa rasmi. Kwa hiyo mpaka wako utafutwe kwenye ua na ramani ya eneo, ukiwa na mpimaji na majirani.

Kuhusu umiliki, soma sehemu tatu: maelezo ya ardhi, jina la mwenyewe, na vizuizi kama rehani. Utasema hati yenye muhuri inatosha. Haitoshi, kwa kuwa picha huonyesha hali ya siku hati ilipotolewa. Rehani au tahadhari ya baadaye haionekani hapo. Hata rejista haiandiki kila haki, mfano njia ya jirani.

Omba upekuzi rasmi kwa namba ya kiwanja. Jina, ukubwa au namba vikitofautiana na picha, mwone wakili. Usilipe hata arbuni kabla ya majibu.