Nusu Bakuli Siyo Ushindi: Hesabu ya Poka ya Juu na Chini

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipanga chumba watu watatu pale Korogwe: mimi, mwenzangu wa Hisabati na mwingine wa Jiografia. Jioni tulicheza karata kwa punje za maharage, na aliyepoteza punje nyingi ndiye aliyechota maji asubuhi, ndoo tatu za lita ishirini. Kwa wiki mbili mchotaji alikuwa mimi, na bado nilikuwa naamini nacheza vizuri. Kosa langu lilikuwa la hesabu tu, ndiyo maana naliandika hapa.

Mchezo wenyewe ni Omaha ya juu na chini. Kila mtu anapewa karata nne za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani kwa wote. Unaunda mkono wa karata tano, na ni lazima utumie mbili kamili za kwako na tatu za mezani. Punje zote zinawekwa kwenye bakuli katikati. Mwenye mkono mkubwa anachukua nusu, mwenye mkono mdogo nusu nyingine. Unaweza kutumia karata mbili tofauti kwa kila upande.

Ila mkono wa chini una sharti: karata tano zisizofanana namba, zote 8 au pungufu. Ree, ile yenye herufi A, huhesabika ndogo kuliko zote, na huku chini mfuatano au rangi moja havikudhuru. Mezani kusipokuwa na namba tatu tofauti za 8 kushuka, hakuna chini, na bakuli zima linakwenda juu.

Sasa siku iliyoniuma. Nilishika ree ya kopa, 2 ya uru, kingi ya kopa na kwini ya uru. Mezani zikatoka 3 ya shupaza, 7 ya uru, 8 ya shupaza, kingi ya pau na jeki ya shupaza. Nikaona: ree na 2 zangu pamoja na 3, 7 na 8, hakuna chini bora kuliko hiyo. Nikaongeza dau kila nafasi. Kila mmoja akafikisha punje 40, bakuli likawa na 120.

Wa Jiografia alikuwa na mfuatano wa 7 hadi jeki. Wa Hisabati akafunua ree ya shupaza na 2 ya shupaza. Kumbe! Juu alikuwa na shupaza tano, akachukua 60 peke yake. Chini tulifanana kabisa, tukagawana 60 zilizobaki: 30 kwake, 30 kwangu. Yeye akapata 90. Mimi niliweka 40, nikarudishiwa 30.

"Mwalimu, umeshinda halafu umepoteza kumi," akanicheka.

Hapo ndipo nikakaa na kalamu. Tukiwa watatu, kila mmoja kaweka 40, mambo ni hivi:

Robo ya bakuli ni 30: hasara 10.
Nusu ni 60: faida 20.
Bakuli zima ni 120: faida 80.

Unaona? Bakuli zima ni mara mbili ya nusu, lakini faida yake ni mara nne. Mkibaki wawili ndiyo balaa zaidi: nusu inakurudishia 40 zako tu, faida sifuri. Na kwenye robo, kadiri nilivyoongeza ndivyo nilivyoumia. Kila punje nne nilizotia zilinirudishia tatu.

Kwa hiyo karata za kuanzia hupimwa kwa swali moja: zinaweza kushinda pande zote mbili? Ree na 2 zangu zilikuwa za rangi tofauti, na mwenzangu alikuwa na zilezile za rangi moja. Pia sikuwa na karata ndogo ya akiba. Ingetoka 2 mezani, 2 yangu ingekufa.

Wikiendi nilikwenda nyumbani Handeni, ambako ndoo ya maji ni jambo zito kuliko Korogwe. Nikacheza na kaka na binamu, masharti yaleyale. Mikono miwili ya mwanzo nilikuwa na ree na 2 bila msaada, nikaweka chini mapema nikizomewa. Wa tatu nikashika ree na 3 za kopa, 2 ya uru na 4 ya pau. Mezani: 5 ya kopa, 2 ya shupaza, 8 ya kopa, 9 ya pau, jeki ya kopa. 2 yangu ikafa kweli, ila 3 ikashika nafasi yake: ree, 2, 3, 5, 8, chini bora. Juu, ree ileile na 3 ileile zikanipa kopa tano. Bakuli la 120 nikalizoa lote.

Asubuhi kaka akabeba ndoo. Mimi nikaendelea kulala.