SOMO: Kutangaza Saa Mpya za Kazi



Kikundi kikishaajiri karani, mtu wa mashine ya kusaga na mlinzi, neno la mdomo halitoshi tena. Tuchukue mfano wa kikundi chenye ofisi inayofunguliwa saa 2.00 asubuhi na kufungwa saa 11.00 jioni. Kamati imeamua kusogeza saa hizo, ili wanachama wapitie ofisini kabla ya kwenda shambani. Tangazo liandikwe hivi:

KWA: Wafanyakazi wote
KUTOKA: Katibu
TAREHE: 26 Mei 2025
KUHUSU: Saa mpya za kazi

Kuanzia Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, ofisi itafunguliwa saa 1.30 asubuhi (simu itaonyesha 7:30) na kufungwa saa 10.30 jioni (simu itaonyesha 4:30). Mlinzi wa usiku ataingia nusu saa mapema na kutoka nusu saa mapema. Saa ya chakula na mshahara havibadiliki. Mwenye swali amwone Katibu kabla ya tarehe 2 Juni.

Basi, ni hayo tu. Sasa tuangalie kwa nini limeandikwa hivyo.

Kwanza, saa. Sisi tukisema saa mbili asubuhi, simu inaonyesha 8:00. Ukiandika "saa 8" peke yake, mmoja atafika asubuhi na mwingine saa nane mchana, na wote wawili watakuwa wamelitii tangazo! Kwa hivyo andika asubuhi au jioni, na pia ile ya simu.

Pili, tarehe. Usiandike "wiki ijayo". Anayelisoma ubaoni siku saba baadaye atahesabu wiki nyingine. Taja siku, tarehe na mwaka.

Tatu, mlinzi. Kama angeachwa aingie saa 11.00 kama zamani, ofisi ingekaa nusu saa bila mtu kila jioni, na sanduku la pesa likiwa ndani. Kabla ya kuandika, jiulizeni: saa hizi zikisogea, ni nani mwingine anayesogea nazo?

Nne, ubao pekee hautoshi. Mlinzi huingia wengine wakiondoka. Msomeeni kila mmoja, kwa Kikamba ikibidi, kisha atie sahihi au kidole gumba kwenye nakala inayobaki katika faili. Halafu mwambieni aseme mwenyewe atafika saa ngapi. Hapo mtajua kama ameelewa.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kuhusu mabadiliko ya saa za kazi zilizoandikwa katika mkataba wake, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa hivyo zungumzeni nao kwanza. Tangazo lije baadaye.

Ya kuzungumzia kikundini: Tangazo lenu la mwisho lilitaja tarehe kamili? Nani hakulisikia, na kwa nini?