Namba Iliyohama Hupatikanaje?

Tangu Machi 2017, mteja wa simu ya mkononi nchini Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Wanaompigia hawaoni tofauti yoyote. Wanabonyeza tarakimu zilezile. Kazi imehamia kwenye mitambo. Zamani 0754 ilikuwa Vodacom, na mtambo wowote ulioiona ulipeleka simu huko bila kuuliza. Sasa 0754 inaonyesha tu kampuni iliyogawiwa kundi hilo la namba. Mwenye namba huenda yuko kwingine kabisa.

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Moshi, namba yake ya 0754, aliyehamia Halotel. Siku ya kuhama alipewa laini mpya, na ndani ya laini hiyo mna namba nyingine asiyoiona kamwe. Mtandao humtambua kwa hiyo. Ile ya laini ya zamani ilianza na 64004, hii mpya inaanza na 64009: 640 ni Tanzania, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mtandao. Kwa hiyo namba anayowapa wateja wake haikubadilika, ila sasa imeandikwa katika rejista ya kampuni nyingine, kwa kitambulisho kingine.

Simu kutoka Mwanza

Mdogo wake yuko Mwanza na anatumia Airtel. Katika utaratibu wa kuuliza kwanza, mtambo wa anayepiga hautoi simu nje kabla ya kutazama kanzidata ya namba zilizohama. Kwa kawaida kila kampuni huwa na nakala yake, na nakala hizo hupokea taarifa kutoka kanzidata kuu kila namba inapohama. Utafutaji huu huchukua sehemu ndogo ya sekunde.

Jibu linalorudi halina jina la mteja wala mahali alipo. Ni tarakimu chache za njia, zenye maana moja tu: peleka Halotel. Mtambo unazitanguliza mbele ya namba iliyopigwa, na mitambo ya katikati inafuata hizo. Simu ikifika, Halotel inaziondoa na kubaki na 0754 iliyobonyezwa.

Hapo linakuja swali la pili: mteja yuko wapi sasa hivi? Halotel inaangalia rejista yake ya wateja, ambayo inajua ni mtambo upi unaomhudumia. Mtambo huo unatoa namba ya muda kwa ajili ya simu hiyo moja, simu inapelekwa kwa namba hiyo, kisha minara ya eneo lile inaita simu yake hadi iitike. Swali hili huulizwa hata kwa namba isiyowahi kuhama. Kuhama kumeongeza lile la kwanza tu.

Uingereza ilichagua njia tofauti: simu hufikishwa kwanza kwa kampuni yenye kundi la namba, nayo ndiyo huisukuma mbele. Ni rahisi kuianzisha, lakini mteja aliyehama anaendelea kuitegemea kampuni aliyoiacha. Mitambo yake ikizimika, naye hapatikani.

Nakala zisipolingana

Hitilafu nyingi huanzia hapa. Nakala ya mtandao mmoja ikichelewa kupata taarifa, simu za wateja wake zitaendelea kwenda kwa kampuni ya zamani, nao wataambiwa namba haitumiki, huku wa mitandao mingine wakiunganishwa vizuri. Kama wanaoshindwa ni wateja wa kampuni iliyoachwa peke yao, kuna uwezekano namba ya aliyehama haijafutwa katika rejista ya kampuni hiyo. Mtambo unaikuta nyumbani, basi hauoni sababu ya kuuliza nje.

Nakala mbili zikipingana, simu ingeweza kurushwa huku na kule bila mwisho. Ndiyo maana kuna mifumo inayoitia simu alama kwamba imeshaulizwa, ili isiulizwe tena.

Meseji ni habari nyingine. Kabla ya kuituma, kituo cha meseji huuliza rejista ya mpokeaji mahali alipo, na swali hilo lenyewe lazima lielekezwe kwa mtandao mpya. Mtumaji wa nje ya nchi anayeangalia tarakimu za mwanzo tu atauliza kwa kampuni isiyohusika. Mtu anaweza kupokea simu zote na bado akose namba za siri za benki.

Kwa hiyo ukishahama, omba watu wa mitandao mbalimbali wakupigie na wakutumie meseji, kila jambo peke yake. Andika aliyeshindwa alitumia mtandao gani, saa ngapi, na alisikia maneno gani. Peleka maelezo hayo kwa mtandao wako mpya. Fundi akiambiwa tu kwamba hupatikani, ataanza kukagua minara. Akiambiwa ni mtandao mmoja unaoshindwa, ataanza na nakala ya mtandao huo.